Kipuri cha buluu kilichopasuka kwenye bodi ya umeme ya televisheni: ni kapasita kweli? (picha mbili ndani)

Kijana wa Likoni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumbani kwetu umeme ulikatika usiku, na uliporudi, televisheni yetu ya inchi 32 ilitoa mlio mmoja mkavu ikazimika, na tangu hapo haiwaki hata ile taa nyekundu ya mbele. Nimeifungua na kuitoa bodi ya umeme, ambayo iko peke yake mbali na bodi kuu, kisha nikaipiga picha mbili: ya 1 inaonyesha upande wa vipuri, na ya 2 inaonyesha upande wa solda.

Fyuzi ya kioo imekuwa nyeusi ndani. Kando yake kuna kipuri cha buluu, bapa na cha mviringo kama sarafu, chenye miguu miwili, nacho kimepasuka katikati na kuacha masizi juu ya bodi. Maandishi yaliyobaki juu yake ni D471K, na yaliyotangulia herufi D yameungua. Nilimwonyesha muuzaji mmoja wa vipuri huko Mwembe Tayari picha hiyo kwenye simu, akaniambia kuwa ni kapasita, akaniuzia nyingine ya buluu iliyoandikwa 472. Sijaifunga bado, kwa sababu nikitazama picha ninaona vipuri vingine viwili vya umbo lile lile, na ningependa kujua kila kimoja ni nini kabla ya kushika chuma cha solda.

Vitu vingine ninavyoviona kwenye picha ya 1 ni kisanduku cha manjano, koili yenye waya wa shaba uliozungushwa mahali pawili, mkebe mkubwa mweusi ulioandikwa 450V, kitu kikubwa kilichofungwa utepe wa manjano, kipande cheusi chenye miguu minne, na kingine kidogo chenye miguu mitatu. Naomba mnisaidie kuvitaja.

Fundi Changamwe

Wa alaykum salaam. Hiyo ni kapasita ya kauri, na muuzaji amekosea namba tu. Namba za kapasita husomwa hivi: tarakimu mbili za kwanza huandikwa kama zilivyo, na ya tatu ni idadi ya sufuri za kuongeza. Kwa hiyo 471 ni pikofaradi 470, na 472 ni pikofaradi 4700, yaani amekupa iliyo kubwa mara kumi. Tafuta 471 ufunge, ubadilishe na fyuzi, umalize kazi. Vile vyenye waya wa shaba vyote ni transfoma, kimoja kidogo na kimoja kikubwa.

Bi Sauda

Ndugu Fundi Changamwe, namna ulivyozisoma namba ni sahihi, na anayetaka kujifunza kusoma kapasita za kauri aishike hiyo. Tatizo ni kwamba kipuri kilichopasuka si kapasita. Hesabu ni ile ile lakini kipimo si pikofaradi: hapa 471 ni volti 470. Nimefungua picha ya 1 na kuikuza pale penye masizi, na nitaeleza ninachokiona ili mwenye bodi naye aweze kukihakikisha.

Kwenye bodi ya namna hii usianze na rangi wala umbo, kwa sababu vipuri vitatu tofauti kabisa hutengenezwa kwa umbo hilo moja la bapa la mviringo. Anza pale waya wa ukutani unapoingilia, ukaufuate umeme kipuri kwa kipuri. Kwenye picha yako umeme unaingia kona ya chini kushoto. Kipuri cha kwanza baada ya soketi ni fyuzi, nayo imeandikwa F1 kwenye bodi. Baada ya fyuzi, kile kilichopasuka kimekaa katikati ya njia mbili za umeme, mguu mmoja kwenye laini na mwingine kwenye nyutro. Mahali hapo, kwa umbo hilo na kwa maandishi hayo, ni pa varista, ambayo kazi yake ni kukaa kimya wakati umeme ni wa kawaida na kuumeza unapopanda ghafla. Umeme ulipopanda sana iligeuka kuwa njia fupi, ikapasuka, na fyuzi ikakatika. Ndivyo inavyotakiwa kufa.

Cha pili katika hivyo vyako vitatu, kile cha rangi ya kijani iliyokoza karibu na nyeusi, kimeandikwa NTC 5D-9. Hicho ni thamista, na hakikai kati ya njia mbili bali juu ya njia moja, ili umeme wote upite ndani yake na kupunguziwa kasi televisheni inapowashwa. Tazama jinsi maandishi yanavyoweza kupotosha: kwenye thamista, 5 ni ohomu na 9 ni kipenyo kwa milimita, lakini kwenye varista tarakimu zinazotangulia D ndizo kipenyo. Yako ingeweza kuwa 10D471K au 14D471K, na herufi K ya mwisho inamaanisha kwamba thamani yake inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 10.

Cha tatu, kidogo cha buluu kilicho karibu na ule utepe wa manjano, kimeandikwa 222 na Y1. Hicho ndicho kapasita ya kweli, ya pikofaradi 2200. Geuza macho kwenye bodi yenyewe utaona ukanda usio na shaba hata kidogo, unaoigawa bodi sehemu mbili. Mafundi huita sehemu inayoungana na umeme wa ukutani upande wa moto na nyingine upande wa baridi. Vinavyoruhusiwa kuuvuka ukanda huo ni vichache mno: transfoma, kile cheusi chenye miguu minne ambacho ni optokapla, na kapasita hiyo ya Y. Kwa hiyo ukiona bapa ya buluu iliyosimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule juu ya ukanda, ni kapasita ya Y hata kama maandishi yake hayasomeki. Usije ukaweka kapasita ya kauri ya kawaida mahali pake, kwa maana ikiharibika na kugeuka njia fupi umeme wa ukutani utafika kwenye mwili wa televisheni na kwenye mkono wa mtoto anayechomeka waya wa dikoda.

Hiyo 472 uliyouziwa usiifunge popote. Ili tusiende kwa kubahatisha, naomba uifute ile sehemu yenye masizi kwa kitambaa chenye spiriti, uisome herufi iliyochapwa chini yake, kisha uipige picha tena.

Mtu wa Nyali

Naomba nichangie, kwa sababu nina tatizo kama hili kwenye bodi ya mashine ya kufulia. Nyumba yetu iko karibu sana na bahari, na kwenye picha yangu kuna kutu ya kijani kwenye miguu ya rezista moja ya kijani yenye mistari ya rangi. Nimeipima kwa multimita nikapata kama ohomu 1 tu, ilhali kwa rangi zake, kahawia, nyeusi na nyekundu, ingetakiwa kuwa ohomu 1000. Je, imekufa kwa sababu ya chumvi, na kuibadilisha kutagharimu kiasi gani?

Bi Sauda

Ndugu wa Nyali, bei siwezi kukutajia bila kuiona bodi, lakini kabla ya kununua chochote tazama herufi iliyochapwa kando ya kipuri hicho. Ikiwa ni R, basi maswali yako yana msingi. Ikiwa ni L, hiyo ni koili iliyozungushwa ndani ya ganda la umbo la rezista, na ohomu 1 ndiyo hali yake njema, kwa kuwa ndani yake mna waya wa shaba tu. Rangi hizo hizo kwenye koili hueleza mikrohenri, kwa hiyo yako ingekuwa ya mikrohenri 1000. Kutu ya miguu ni jambo jingine: ifute kwa brashi na spiriti, uikuze picha, uone kama mguu umeliwa hadi ndani au umepakwa kijani juu tu.

Mwanafunzi wa Kisauni

Nami niongeze kuhusu picha zenyewe, kwa sababu picha ya 1 imepigwa kwa mwanga wa simu na katikati pameng'aa, maandishi ya chipu hayasomeki. Zima mwanga wa simu, weka bodi karibu na dirisha mwanga uje kutoka ubavuni, na uielekeze simu kwa mshazari badala ya juu kabisa. Maandishi ya chipu nyingi siku hizi hayakupakwa rangi, yamechongwa kidogo tu juu ya plastiki, na huonekana mwanga unapoyapiga kwa pembeni.

Picha ya 2 nayo igeuzwe kushoto kuwa kulia kwa programu ya picha kabla ya kuilinganisha na ya 1. Bila kuigeuza utafuata njia ya shaba uifikishe kwenye kipuri kisichohusika. Jambo hilo ni muhimu zaidi kwa chipu, maana miguu yake huhesabiwa kuanzia penye nukta au pengo, kinyume na mwendo wa saa kwa anayeitazama kutoka juu, na upande wa solda hesabu hiyo hugeuka kufuata mwendo wa saa.

Nina swali kwa Bi Sauda. Karibu na optokapla nilidhani nimeona transista yenye miguu mitatu. Na upande wa moto nimeona chipu ya miguu saba, minne upande mmoja na mitatu upande wa pili. Je, mguu mmoja umekatika?

Bi Sauda

Mguu haukukatika, mwanangu, na una macho mazuri. Chipu nyingi zinazoendesha bodi za namna hii hutengenezwa bila mguu mmoja makusudi, karibu na mguu unaopokea volti kubwa, ili umeme usiruke kutoka mguu hadi mguu. Hewa ya kwetu yenye unyevu na chumvi ndiyo hasa inayoufanya umeme upende kuruka, kwa hiyo nafasi ile msiijaze solda wala kuiacha na uchafu.

Kuhusu kile chenye miguu mitatu, umbo lake haliwezi kutupa jibu. Ganda lile dogo jeusi lenye uso mmoja bapa hutumika kwa transista, kwa vidhibiti vya volti, na kwa TL431 ambayo hupima volti za kutokea na kuiwasha optokapla. Kwa kuwa iko upande wa baridi, imekaa karibu na optokapla, na bodi imeiandika U na si Q, ninaamini ni TL431 au jamaa yake. Lakini hiyo ni imani mpaka maandishi yasomeke.

Kijana wa Likoni

Nawashukuru nyote. Nimeifuta kwa spiriti na nimeweka picha ya 3 na ya 4. Chini ya masizi pamechapwa RV1, pamoja na duara la mstari mweupe. Picha ya 4 ni upande wa solda baada ya kugeuzwa, na nimeifuata shaba kwa kidole: mguu mmoja wa RV1 unaungana na fyuzi, na mwingine unakwenda moja kwa moja kwenye waya wa pili wa soketi. Kile cha 222 kimeandikwa CY1. Kisanduku cha manjano kimeandikwa CX1, na koili yenye waya mara mbili imeandikwa LF1, si T.

Bi Sauda

Basi RV1 ni varista bila shaka tena, kwa maana herufi za bodi, njia ya shaba na maandishi ya kipuri yote yanasema jambo moja. Kipuri kikiwa na ushahidi wa namna mbili kati ya hizo mimi hukikubali, na kikiwa na mmoja tu ninaendelea kukitilia shaka.

LF1 ni koili ya kuchuja kelele za umeme. Ndugu Fundi Changamwe aliiita transfoma, na ni kweli kwamba ina waya mbili juu ya kiini kimoja, lakini tazama mahali pake: miguu yake yote minne iko upande wa moto, haivuki ukanda, na waya zake mbili ni nene sawasawa. Transfoma ni ile yenye utepe wa manjano, iliyoandikwa T1, nayo imelala juu ya ukanda na miguu yake imegawanyika pande zote mbili.

Sasa ununuzi. Kipenyo utakipata kwenye duara lililochapwa, ukikumbuka kwamba kipuri pamoja na ganda lake huzidi kidogo namba inayoandikwa juu yake. Muhimu zaidi ni 471. Umeme wetu wa volti 240 hufika kileleni karibu volti 340 katika kila mzunguko, na varista ya 471 inaustahimili huo bila wasiwasi. Ukipewa ya 271 iliyong'olewa kwenye kifaa cha nchi za volti 110 au 120, itafanana nayo kabisa, lakini itaanza kupitisha umeme mara tu utakapowasha, na itapasuka kama ile ya kwanza.

Fundi Changamwe

Nimeziona picha na nimeikubali hiyo RV1. Hata hivyo televisheni itawaka bila varista. Mimi huing'oa, ninaweka fyuzi, na mteja anaondoka na televisheni yake inafanya kazi. Kwa nini kijana azunguke mjini kutafuta kipuri kisichohitajika ili iwake?

Bi Sauda

Itawaka, hilo sibishani nalo, na kama jaribio la mezani ni njia halali. Mtu aliyeko Likoni, ambako amekwisha kuona umeme ukirudi kwa nguvu, akirudishiwa televisheni bila varista, mara nyingine umeme huo utakwenda kwenye daiodi na chipu, ambazo bei yake ni kubwa zaidi na huvunja moyo kuzitafuta.

Lakini kabla hata ya fyuzi mpya kuna kitu ambacho picha haiwezi kutuambia. Ile brija, kipande cheusi kilicho bapa chenye miguu minne kwenye mstari mmoja na alama za ~ na + na -, inaonekana nzima, na hata ile mosfeti iliyofungwa kwenye aluminiamu inaonekana nzima. Vipuri hivi vinaweza kufa bila kubadilika sura hata kidogo. Kijana, ondoa waya ukutani, kisha uhakikishe kwa multimita kwamba ule mkebe wa 450V hauna volti. Ikiwa zipo, ziondoe kupitia rezista, wala usiunganishe miguu yake kwa bisibisi. Halafu pima brija kwa kipimo cha daiodi, kati ya kila mguu wa ~ na miguu ya + na -, ukibadilisha nyaya. Upande mmoja usomeke kama 0.5 na upande wa pili usisomeke kitu. Ukisikia mlio au ukiona sufuri pande zote, usiweke fyuzi.

Mtu wa Nyali

Samahani kwa kurudi kwenye habari yangu. Kando ya rezista ile pameandikwa L2. Nimeifuta, na kutu ilikuwa ya juu tu, lakini mashine bado haizunguki.

Mwanafunzi wa Kisauni

Ndugu wa Nyali, huenda ukasaidiwa zaidi ukianzisha uzi wako na picha za pande zote mbili, kwa kuwa bodi ya mashine ya kufulia hupakwa tabaka la plastiki laini ambalo lazima litobolewe kidogo kabla ya kupima.

Kijana wa Likoni

Nimerudi na majibu. Mkebe wa 450V haukuwa na volti. Brija imesoma 0.5 upande mmoja na haikusoma kitu upande wa pili, kwa miguu yote. Nimepata varista iliyoandikwa 10D471K inayolingana na duara, na fyuzi ya T3.15A 250V kama ilivyokuwa. Taa nyekundu sasa inawaka. Nikibonyeza kitufe, taa hubadilika kuwa kijani, sauti inasikika, lakini kioo ni cheusi, na baada ya muda mfupi hurudi kwenye nyekundu.

Nimepiga picha ya 5 ya upande wa baridi. Chini ya kapasita mbili za 25V kuna kitu cha rangi ya kahawia kimetapakaa kwenye bodi. Je, zimevuja?

Fundi Changamwe

Zimevuja hizo. Badilisha zote mbili, na angalia mstari mweupe ubavuni, huo ni hasi siku zote kwenye kapasita yoyote.

Bi Sauda

Kwa mikebe hii mirefu ya miguu miwili, ndiyo, mstari ni hasi. Usilichukue neno hilo hadi kwenye vile vidogo vya manjano au vyeusi vya tantalamu vinavyolala juu ya bodi, kwa maana vyenyewe mstari wao ni chanya, na ukivigeuza huwaka moto.

Kuhusu rangi ya kahawia mimi sina hakika kama Ndugu Changamwe. Viwanda hubandika kapasita ndefu kwa gundi ili zisitikisike, na gundi ya namna fulani huanza kuwa ya krimu kisha hubadilika kuwa kahawia kwa joto. Kwenye picha ya 5 ninaiona pia chini ya koili ya jirani, na koili haina maji ya kuvuja. Hilo linanielekeza kwenye gundi. Ila picha imepigwa kutoka juu kabisa, na kutoka juu haiwezekani kujua kama kifuniko cha kapasita ni tambarare au kimeinuka.

Kama sauti ipo na kioo ni cheusi, volti za kuendesha bodi kuu zinafika, na ninaitazama zaidi sehemu inayowasha taa za nyuma ya kioo. Lakini kapasita iliyochoka nayo inaweza kufanya hivyo hivyo, kwa hiyo sifungi mjadala. Acha televisheni bila umeme, uweke simu mezani kwa usawa wa bodi, uzipige picha kapasita hizo mbili kutoka ubavuni zikiwa na dirisha nyuma yake ili mstari wa vifuniko uonekane. Ikune na hiyo gundi kwa kijiti cha mbao, utuambie kama inabanduka ikiwa kavu au inalowesha kijiti.

Kijana wa Likoni

Nimekuna. Chini ya moja imebanduka kavu, vipande vipande. Chini ya nyingine, ile iliyo karibu na aluminiamu ya kupozea, kijiti kimetoka na unyevunyevu kidogo wenye harufu kali. Picha ya ubavuni nitaiweka kesho asubuhi jua likiwa upande wa dirisha.